Mfuko wa Mama: Kadi ya safari ilikula sehemu ya nani?

Juma hili tunataka kuwaeleza habari ambayo nusura ivunje likelemba moja hapa Kalemie. Wenyewe wametupa ruhusa tuieleze, bila kutaja majina, ili ifae wengine.

Wamama kumi walikuwa wameweka dolari 100 kila mmoja. Jumla ni dolari 1,000. Badala ya kumpa mmoja wao zamu yake, walikubaliana kumtuma mwenzao mmoja Dar es Salaam akanunue vikwembe Kariakoo, auze hapa, na faida wagawane. Nauli na chakula cha njiani alijilipia mwenyewe. Kwa kuwa aliogopa kuvuka ziwa na noti zote hizo mfukoni, alikwenda benki moja ya hapa mjini. Pale gishe alishauriwa achukue kadi ya safari ya kulipia kabla, ile ambayo unaweka makuta kwanza, kisha unatumia kile tu ulichoweka. Akaambiwa maneno mawili yaliyompendeza. La kwanza, kadi ikiibiwa makuta hayapotei. La pili, bei ya kubadilisha imefungwa tangu siku ya kuweka, kwa hiyo asiogope bei kupanda au kushuka akiwa njiani.

Alirudi na mzigo wa shilingi 2,250,000 za Tanzania, na kwenye kadi zilibaki karibu dolari 22. Wenzake wakapiga hesabu. Siku alizokuwa kule, dolari 1 ilikuwa inabadilishwa dukani kwa shilingi 2,600. Kwa hiyo mzigo ule ulikuwa na thamani ya dolari 865. Ongeza 22 za kwenye kadi, unapata 887. Dolari 113 ziko wapi? Ni sehemu nzima ya mama mmoja, na kipande cha sehemu ya mama wa pili. Mnajua maneno yanayofuata hapo. Kuna aliyesema mwenzetu amenunulia watoto wake nguo. Kuna aliyesema hatacheza naye likelemba tena.

Tulipoitwa kusikiliza, tulimwomba alete kila karatasi aliyokuwa nayo: risiti ya benki, risiti za mashine, risiti ya duka, pamoja na kijitabu kilichokuja na kadi ambacho hakuna aliyekisoma. Tukakaa nazo jioni moja. Hakuna aliyekula zile dolari. Kadi ndiyo iliyozila, kidogo kidogo, mahali ambapo mtu haangalii.

Bei iliyofungwa ni bei gani?

Tuanze na lile neno la kufunga bei, maana ndilo lililomdanganya zaidi, ingawa aliyelisema huenda hakukusudia kudanganya.

Neno hili lina asili yake. Wazee wetu waliosafiri zamani wanakumbuka sheki za wasafiri, ambazo jirani zetu wa Tanzania wanaziita hundi za wasafiri. Kampuni ya American Express ilianza kuziuza mwaka 1891. Ulikuwa unakwenda benki na makuta ya nchi yako, unanunua sheki zilizoandikwa kiasi kamili, kwa mfano dolari 50 au 100. Unatia sahihi ya kwanza pale pale mbele ya karani. Ukifika ugenini unatia sahihi ya pili mbele ya anayekulipa, naye analinganisha zile sahihi mbili. Namba za sheki uliziandika kwenye karatasi nyingine na kuiweka mbali nazo, ili zikiibiwa utoe taarifa ulipwe nyingine.

Sasa angalia bei ilifungwa wapi. Mtu aliyetoka na pauni za Uingereza akanunua sheki za dolari kwenda Amerika, alikuwa amekwisha badilisha siku ile ya kununua. Pauni ikianguka kesho yake, yeye hajali, kwa sababu mkononi ana dolari na anakokwenda wanatumia dolari. Hapo bei imefungwa kweli. Lakini mtu huyo huyo akishuka Kigoma na sheki za dolari, bado lazima azibadilishe ziwe shilingi, na bei ya shilingi ni ya siku ile ya kubadilisha. Upande wa pauni na dolari ulifungwa. Upande wa dolari na shilingi ulibaki wazi kama mlango wa soko.

Kadi ya safari ni mtoto wa sheki hiyo, na imerithi tabia hiyo hiyo. Ndani ya kadi kuna mfuko mmoja au mifuko kadhaa, kila mfuko kwa fedha ya aina yake. Ukiweka makuta kwenye mfuko wa euro, bei ya euro yako inafungwa siku hiyo. Ukitumia euro hizo katika nchi ya euro, hakuna kubadilisha tena. Lakini ukitumia kadi katika nchi ambayo fedha yake haina mfuko ndani ya kadi hiyo, kubadilisha kunafanyika upya kila unapolipa au kutoa, kwa bei ya siku ile.

Kadi ya mwenzetu ilikuwa na mfuko wa dolari peke yake. Aliweka dolari, alizopewa na wenzake zikiwa dolari. Basi siku ya kuweka hakukuwa na bei yoyote ya kufunga! Dolari iliingia dolari. Bei aliyoihitaji yeye ilikuwa ya dolari na shilingi, na hiyo haikuguswa. Kule Tanzania hakuweza kuikwepa shilingi, maana tangu mwaka 2025 kanuni za nchi hiyo zimekataza bidhaa za ndani kutajwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Kila alichonunua kilipita kwenye kubadilisha.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza pale gishe ni hili: mfuko wa kadi hii ni wa fedha gani, na ninakokwenda wanalipa kwa fedha gani? Kama si fedha moja, hakuna bei iliyofungwa.

Dolari 113 zilivyotoka

Sasa tufuate zile dolari hatua kwa hatua. Viwango tunavyovitaja ni vya kadi yake. Kadi nyingine zina viwango vingine, lakini milango ya kutokea ni hiyo hiyo.

Mlango wa kwanza ni pale benki. Kadi yenyewe iliuzwa dolari 10. Kuweka makuta juu yake kulikatwa dolari 20. Alitoa 1,000, kadi ikawa na 970. Hizo 30 zilikuwa zimeandikwa kwenye risiti, lakini yeye alidhani kadi imebeba 1,000 kwa kuwa ndicho kiasi alichokabidhi. Alikuwa na bahati kidogo kwamba likelemba yao ni ya dolari. Angepeleka franka, benki ingezibadilisha kwanza kwa bei yake yenyewe, na mara nyingi bei hiyo iko chini ya ile ya kambisti wa barabarani. Hapo angekatwa mara moja zaidi kabla ya kuondoka.

Mlango wa pili ni mashine ya kutoa pesa, na ndio mpana kuliko yote. Kule Kigoma na Dar es Salaam alitoa shilingi mara tano. Mashine alizozitumia hazikutoa zaidi ya 400,000 kwa mara moja. Kwa bei ya dukani ya 2,600, shilingi hizo zilikuwa dolari 154. Kadi yake ilikatwa dolari 168 na nusu. Kwa nini?

Kwanza, benki yenye mashine ilijiongezea shilingi 12,000, kwa hiyo hesabu iliyotumwa ni 412,000. Pili, kampuni ya mtandao wa kadi, ile ambayo alama yake iko mbele ya kadi, ilibadilisha kwa bei yake ya siku, 2,580, si 2,600. Hapo tayari ni karibu dolari 160. Tatu, benki iliyotoa kadi inaongeza dolari 3 kwa kila 100 kwa sababu matumizi si ya dolari. Hiyo ni karibu dolari 5. Nne, benki hiyo hiyo inakata dolari 4 kwa kila unapotumia mashine ya benki nyingine. Jumla ni dolari 168 na senti 48.

Kati ya makato hayo manne, ni lile la shilingi 12,000 tu lililotajwa kwenye kioo cha mashine. Zile dolari 3 kwa mia hazikuonekana popote, wala kwenye mashine, wala kwenye risiti. Zilichanganywa ndani ya kiasi kilichokatwa, kama maji ndani ya maziwa. Ziliandikwa katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu, kwa herufi ndogo, kwa maneno ya kibenki ambayo hata sisi tulisoma mara mbili.

Kila alipotoa, zilipotea karibu dolari 14 na nusu. Mara tano ni dolari 73.

Mlango wa tatu ni duka. Kariakoo alikuta duka moja linalopokea kadi, akanunua vikwembe vya shilingi 250,000. Mashine ndogo ya dukani ikamwuliza kama anataka kulipa kwa shilingi au kwa dolari, fedha ya kadi yake. Yeye akaona vema alipe kwa dolari, fedha anayoijua. Wengi wetu tungefanya hivyo. Lakini ukichagua dolari, anayebadilisha si tena mtandao wa kadi. Ni kampuni ya ile mashine ya dukani, kwa bei inayojipangia. Siku ile ilikuwa 2,430. Akakatwa karibu dolari 103 kwa mzigo ambao kwa bei ya 2,600 ulikuwa wa dolari 96. Angechagua shilingi angekatwa dolari 100 hivi, hata baada ya zile 3 kwa mia za benki yake.

Mashine za kutoa pesa nazo huuliza swali hilo. Katika zile za Kiingereza mtaona maneno kama `Accept conversion` na `Decline conversion`. La kwanza maana yake ni kukubali wakubadilishie wao. La pili maana yake ni kukataa, na ukilibonyeza pesa inatoka vile vile. Watu huogopa neno la kukataa, wakidhani kazi nzima itafutwa. Haifutwi. Ukiwa ugenini, chagua siku zote kulipa kwa fedha ya nchi uliyopo.

Mlango wa nne ni mdogo. Aliuliza salio mara mbili kwenye mashine, kila mara dolari 1. Kisha akajaribu kutoa 400,000 wakati salio halikutosha. Mashine ilikataa, na kule kukataliwa kukakatwa dolari 1. Jumla 3.

Jumlisheni: 30 za benki, 73 za mashine, karibu 7 za duka na 3 za salio. Ni dolari 113. Tulipoifikisha hesabu hiyo, yule mama aliyesema maneno makali kuliko wote aliichukua kalamu akaipiga tena mwenyewe, tangu mwanzo. Ikatoka vile vile. Akaomba radhi mbele yetu.

Zile 22 zilizobaki

Msidhani zile dolari 22 za mwisho zimelala salama. Kijitabu kinasema kadi isipotumika kwa mwezi mmoja inaanza kukatwa dolari 2 kila mwezi. Kinasema pia kwamba anayetaka kurudishiwa salio kwa noti anakatwa dolari 10. Tena kadi ina tarehe ya mwisho iliyochapwa usoni. Kwa hiyo kama angeisahau kabatini kwa mwaka mmoja, angekuta sifuri. Tulimshauri aimalizie mapema kwa kununua kitu dukani hapa nyumbani kwa dolari zile zile, palipo na mashine ya kadi. Hapo hakuna kubadilisha wala kato la kurudisha.

Kwa wenye mfuko wa fedha nyingine, kurudisha kuna uchungu wa pili. Aliyeweka euro na akarudi nazo, benki inazinunua kutoka kwake kwa bei ya kununua, ambayo ni ya chini kuliko ile aliyouziwa. Bei ilifungwa wakati wa kuingia. Wakati wa kutoka haikufungwa. Kwa hiyo weka kiasi utakachotumia, si zaidi.

Kipimo cha mstari mmoja

Huhitaji kuyajua makato yote kwa majina. Kuna hesabu moja inayoyafichua yote kwa pamoja. Chukua shilingi zilizoingia mkononi mwako, uzigawanye kwa dolari zilizotoka kwenye kadi yako.

Mwenzetu alipotoa mara ya kwanza alipata 400,000, na kadi ikapungua 168 na senti 48. Ukigawanya unapata 2,374. Hiyo ndiyo bei yake ya kweli, huku dukani nje ya mlango ikiwa 2,600. Angeifanya hesabu hiyo siku ya kwanza Kigoma, kwa simu yake, angeona kwamba anapoteza zaidi ya shilingi 220 kwa kila dolari, na asingerudi kwenye mashine mara nne nyingine.

Kwa safari nzima, pamoja na yale makato ya benki, alitumia dolari 978 kupata shilingi 2,250,000. Gawanyeni: ni 2,300. Alisafiri na dolari ya 2,300 katika mji wa dolari ya 2,600. Namba hiyo moja ndiyo iliyowaelewesha wamama wote kumi, hata wale ambao hawakufuata hesabu ya risiti.

Je, kadi ni mbaya?

Hatusemi hivyo. Tulimwuliza mwenzetu, akasema usiku ule wa boti alilala, na hilo pia lina thamani yake. Noti zikianguka ziwani au zikiibiwa, hakuna wa kumwendea. Kadi ikipotea, unapiga simu ifungwe na makuta yanabaki, mradi uwe umeandika namba ya simu ya benki mahali pengine, si nyuma ya kadi tu. Noti nazo zina makato yake: yenye mpasuko mdogo hapa kwetu inakataliwa, na kule ng'ambo noti ndogo ndogo na za zamani mara nyingi hubadilishwa kwa bei ya chini.

Swali ni bei ya ule usingizi. Tulihesabu ingekuwaje kama angeitumia kadi hiyo hiyo kwa kujua. Angetoa kwenye mashine mara mbili tu, na shilingi 1,450,000 zilizobaki angezilipa kwa kadi dukani, akichagua shilingi. Lazima kwanza aulize kama duka linaongeza kitu kwa mwenye kadi, maana wengine huongeza. Kama haliongezi, kadi ingemla dolari 80 badala ya 113, zile 30 za mwanzo zikiwemo. Hizo 33 alizipoteza kwa kutojua. Zile 80 ni bei ya kadi yenyewe, na kila mmoja apime kama anaitaka. Wamama hawa wameamua kwamba safari ijayo nusu itakwenda kwa noti safi zilizogawanywa kwa wasafiri wawili, na nusu kwa kadi.

Kwa wanaokwenda mbali zaidi

Kuna dada zetu wanaokwenda Dubai kununua. Huko wanauziwa sana hadithi ya kufunga bei ya dirhamu. Jueni kwamba Falme za Kiarabu zimeifunga dirhamu yao kwa dolari tangu mwaka 1997, dolari 1 kwa dirhamu 3.6725. Serikali yenyewe imekwisha funga. Anayekuambia uweke dirhamu leo kabla bei haijabadilika anakuuzia mwavuli ndani ya nyumba. Mfuko wa dirhamu unaweza bado kukufaa kwa jambo moja tu, kukwepa yale makato ya matumizi yasiyo ya dolari. Basi uliza unapewa dirhamu ngapi kwa dolari 1. Ukipewa 3.55, umekatwa zaidi ya dolari 3 kwa mia pale pale, na hujakwepa chochote.

Anayekwenda Ubelgiji kumwona mtoto au kutibiwa, huyo ana sababu ya kufikiria mfuko wa euro. Euro na dolari hupanda na kushuka kila siku. Akifunga leo anajua ana euro ngapi za hospitali na hazitapungua. Lakini kufunga kunakata pande zote mbili: euro ikishuka baada ya wewe kufunga, hurudishiwi tofauti. Unanunua uhakika. Faida si jambo la kuahidiwa.

Na sheki za wasafiri? Msizitafute. American Express haiuzi mpya tena, na mahali pa kuzipokea ni pachache mno. Ila kama katika sanduku la baba au babu mtakuta za zamani zenye sahihi moja tu, msizichome. Za kampuni hiyo hazina tarehe ya mwisho, na bado inazilipa kwa anayefuata utaratibu wao. Msitie sahihi ya pili kabla ya kuelekezwa.

Maswali ya kwenda nayo gishe

Kateni kipande hiki mkiweke mfukoni. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni haya, na mwombe majibu kwa maandishi:

Mfuko wa kadi ni wa fedha gani? Nikikabidhi dolari 100, zinaingia ngapi? Nikilipa kwa fedha nyingine mnaongeza kiasi gani kwa kila 100? Nikitoa kwenye mashine ya benki nyingine mnakata ngapi? Kuuliza salio, kukataliwa, na kukaa bila kutumia, kila kimoja ni ngapi? Na nikitaka salio langu lirudi, mnakata ngapi?

Karani akijibu kwamba kadi haina makato, mwulize swali la tatu tena, polepole. Hilo ndilo linalojificha ndani ya bei.

Likelemba ile haikuvunjika. Walikaa wakakubaliana kwamba zile dolari 113 ni gharama ya safari, zikatolewa kwenye mauzo kabla ya kugawana, kila mmoja akabeba sehemu yake sawa. Sasa wana daftari jipya. Kila anayesafiri anaandika humo, kila anapotoa, shilingi alizopata na dolari zilizotoka. Mwenzetu ndiye anayelitunza.